Pera na Stafeli: Lipi Changa, Lipi Pevu, Lipi Bivu

Mazungumzo ya afisa wa kilimo wa nyanjani na wakazi, wakulima na wachuuzi wa matunda

Mazungumzo ya leo yanahusu matunda mawili ambayo karibu kila boma la Pwani lina mti wake, na ambayo bado hupoteza pesa za watu kila wiki. Mtu hununua stafeli kubwa, akalipasua jioni ile ile, akakuta nyama ngumu isiyo na utamu. Mwingine hununua mapera ya kijani kibichi akiambiwa yataiva nyumbani, yakakaa siku tano hadi yakasinyaa, na ukakasi uko pale pale. Wa tatu huona stafeli limeanza kupata weusi, akalitupa jalalani likiwa ndiyo kwanza limefika siku yake ya kuliwa.

Makosa hayo matatu yana chanzo kimoja. Kiswahili kina maneno matatu ya hali ya tunda, na siku hizi watu huyachanganya. Tunda changa ni lile ambalo bado linakua mtini. Tunda pevu ni lile lililomaliza kukua: limejaa, mbegu zake zimekomaa, lakini bado ni gumu. Tunda bivu ni lile lililolainika, likapata harufu yake na utamu wake. Mchumaji hutafuta pevu, mlaji hutafuta bivu. Tunda pevu likichumwa hufika kwenye ubivu lenyewe, ndani ya kikapu au juu ya kabati. Tunda changa likichumwa halifiki, hata likivumbikwa mwezi mzima, kwa sababu kile ambacho kingegeuka kuwa utamu hakijawekwa ndani yake.

Kwa hiyo anayenunua ana maswali mawili ya kujiuliza. La kwanza, je, tunda hili lilichumwa likiwa pevu? La pili, je, limefika siku ya kuliwa, au lina siku ngapi mbele? Pera na stafeli hujibu maswali hayo kwa njia tofauti kabisa, na atakayetumia kipimo cha moja kwa lingine atakosea.

Kwanza pera

Pera ni rahisi, kwa kuwa halifichi rangi yake. Likiwa changa ni kijani iliyokolea, gumu kama jiwe, na ukilikuna kwa ukucha ganda halitoi harufu ya pera bali harufu ya jani. Linapopevuka, ile kijani hupauka. Huwa kijani hafifu, kama ya ndizi iliyo karibu kugeuka. Baada ya hapo huanza manjano, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine, na pera likiiva huwa la manjano karibu lote. Wako wanaodhani kuwa pera lenye nyama nyekundu ndani huonyesha wekundu nje likiiva. Sivyo. Pera la ndani jekundu na la ndani jeupe huweza kufanana ganda, na hakuna macho yatakayojua mpaka kisu kipite. Njia ya pekee ni kuujua mti, au kumwamini muuzaji aliyekata moja kuwaonyesha wateja.

Kipimo cha pili cha pera ni pua, na hiki ndicho bora. Pera bivu hujaza chumba harufu. Mnunuzi alisogeze puani upande wa pale ua lilipokuwa, yaani mwisho wa pili wa kikonyo. Likinukia kwa nguvu, ni la kuliwa leo au kesho asubuhi. Likinukia kidogo tu na rangi ni kijani hafifu, lina siku mbili hadi nne. Lisiponukia kabisa na rangi ni kijani iliyokolea, lirudishwe mezani.

Kipimo cha tatu ni mkono, na hapa wateja wana makosa ya kuwaumiza wachuuzi. Pera halibonyezwi kwa ncha ya kidole. Kila kidole kinachobonyeza huacha jeraha ambalo halionekani siku ile, lakini kesho yake huwa doa la kahawia, na mchuuzi hubaki na pera ambalo hakuna atakayelinunua. Lishikwe lote kiganjani, likumbatiwe taratibu kwa vidole vyote pamoja. Pera bivu hukubali kidogo, kama mpira uliopungua upepo. Likizama sana, limepita.

Ipo rangi moja ya kati inayostahili maelezo zaidi, kwa maana ndiyo yenye faida kwa mchuuzi. Ni ile kijani hafifu iliyoanza tu kuonyesha manjano. Pera la rangi hiyo limepevuka, litaiva bila shida, na bado ni gumu kiasi cha kustahimili safari ya matatu au boda boda. Lililokwisha kuwa la manjano halisafiri. Katika joto la Pwani hukaa siku moja, kwa bahati mbili, halafu huanza kuvuja.

Uchukuliwe mfano wa mama mboga anayenunua debe moja la mapera shambani alfajiri. Asitazame yale ya juu tu, kwani juu ndipo panapopangwa. Aombe kumimina debe juu ya gunia, kisha ayagawe mafungu matatu. Fungu la manjano ni la kuuza leo kabla ya jua kuzama, na asiwe na uchoyo nalo: jioni bei ishuke. Fungu la kijani hafifu ni la kesho na kesho kutwa. Alitandaze kivulini, tabaka moja, si kuyarundika, maana joto la rundo huivisha ya katikati upesi na kuyaozesha. Fungu la tatu ni la kijani iliyokolea. Hili ndilo la kukataa. Katika debe lililochumwa kwa kutikisa mti, fungu hili huwa kubwa kuliko mnunuzi anavyofikiri, na ndilo linalokula faida ya hayo mengine mawili. Mkulima akiona mara mbili tatu kwamba mapera machanga yanarudishwa, atapanda mtini na kikapu na kuchagua moja moja.

Wapo wanaolipenda pera likiwa pevu na bado linavunjika menoni, kwa chumvi na pilipili ya unga. Hilo ni jambo la ladha, na halina ubaya. Lakini hata hao wanataka pera pevu, la kijani kilichopauka. Changa halivunjiki vizuri, huwa na ukakasi unaokausha ulimi.

Nzi wa matunda

Pera lina adui ambaye stafeli halimjui kwa kiasi hicho, naye ni nzi wa matunda. Wako wa aina kadhaa, na mmoja aliyeleta hasara kubwa alionekana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2003, hapa hapa Pwani, akitokea Asia. Jike huchoma ganda na kuweka mayai chini yake. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na mabuu hula nyama ya tunda kuelekea ndani. Kwa sababu nzi hulipenda zaidi pera linaloanza kuiva, mapera ya manjano yaliyoachwa mtini ndiyo yenye funza wengi.

Alama yake ni ndogo lakini mtu akiijua haimpotei. Ni tundu dogo kama lililochomwa na sindano, na kandokando yake ganda limezama na kugeuka rangi. Pera likikumbatiwa kiganjani, tone la maji hutoka pale. Wakati mwingine tundu limejifunga na haliko wazi. Hapo dalili ni sehemu moja iliyolainika kama uji wakati pande nyingine bado ni ngumu. Pera linaloiva vizuri hulainika lote kwa pamoja. Laini sehemu moja na gumu kwingine ni pera la kutiliwa shaka.

Hata baada ya kuchagua kwa uangalifu, pera likatwe nusu kabla ya kupewa mtoto. Mabuu ni meupe kama maziwa, hayana miguu, na yakifika ukubwa wake huweza kujirusha. Tundu moja likionekana, pera zima liwekwe kando. Lisitupwe chini ya mti, kwani mabuu hutoka ndani yake, huingia udongoni, na hutoka huko wakiwa nzi wapya wa kuchoma mapera ya wiki zijazo. Mapera yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yatiwe katika mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa na kuanikwa juani siku kadhaa, au yafukiwe shimoni, kina cha futi mbili. Kufukia juu juu ni kazi bure, nzi hupanda.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchuma pera likiwa kijani hafifu badala ya kungoja manjano. Lile la manjano mtini ni tamu kuliko yote, hakuna anayebisha, lakini nzi, ndege na popo wanajua hilo pia. Pera lenye alama ya meno au mdomo wa mnyama lisiliwe hata upande ule mzima. Watoto waambiwe.

Sasa stafeli

Stafeli halisemi kwa rangi, na hapo ndipo pesa hupotea. Anayengoja stafeli liwe la manjano kama pera atangoja mpaka lioze, maana stafeli bivu kabisa bado linaweza kuwa la kijani. Rangi yake hubadilika, lakini kidogo: kutoka kijani iliyokolea yenye kung'aa hadi kijani iliyofifia, isiyong'aa, yenye dalili ya umanjano. Mabadiliko haya huonekana vizuri yakiwekwa mawili pamoja, changa na pevu, na huonekana vibaya likiwa moja peke yake mezani.

Kinachosema ni miiba. Stafeli changa lina miiba iliyosongamana, mirefu, migumu, inayodunga kiganja. Tunda linapokua, ganda hutanuka kama puto linalopulizwa, na miiba ambayo haiongezeki idadi hujikuta inatengana. Kwa hiyo mnunuzi atazame nafasi iliyo kati ya mwiba na mwiba. Ikiwa miiba imekaribiana na ganda baina yake halionekani vizuri, tunda ni changa. Ikiwa miiba iko mbalimbali, ganda baina yake limetandaa na kuwa laini machoni, tunda limepevuka. Kisha aupinde mwiba mmoja kwa kidole gumba, taratibu. Wa stafeli changa hukaza. Wa stafeli pevu hupindika, na ncha yake huwa imekauka na kuwa ya kahawia.

Ukubwa si kipimo. Mti mmoja huweza kutoa stafeli la nusu kilo na jingine la kilo nne, yote mapevu. Kilo nne za stafeli changa ni kilo nne za hasara.

Tofauti na pera, stafeli halifai kuachwa liive mtini. Likilainika juu ya tawi, uzito wake hulikata kikonyo, likaanguka na kupasuka, na siafu na popo huwahi kabla ya mwenye mti. Mkulima alikate likiwa pevu na gumu, kwa mkasi wa matawi au kisu kikali, akiacha kipande kifupi cha kikonyo, sentimita moja au mbili. Lisivutwe kwa mkono, kwani kikonyo kikichomoka huacha shimo na uozo huanzia pale. Na lisirushwe. Miiba inaonekana kama silaha ya kujilinda, kumbe ganda lake ni jepesi: kila mwiba unaobanwa na tunda jingine huacha doa jeusi. Majani makavu ya mgomba ndani ya tenga husaidia kuliko gunia.

Kungoja

Stafeli pevu lililokatwa huiva kwa siku tatu hadi saba, kutegemea lilivyokuwa limekomaa na joto la nyumba. Pwani mara nyingi ni tatu hadi tano. Katika siku hizo wanga uliomo hugeuka sukari na nyama hulegea, na kazi hiyo inahitaji joto la kawaida la chumba. Hapa ndipo friji huharibu.

Uchukuliwe mfano wa nyumba moja inayotarajia wageni Jumapili. Jumatano mama wa nyumba ananunua mastafeli mawili, kila moja la kilo mbili hivi, mapevu, magumu, miiba imetengana. Moja analiweka juu ya kabati, juu ya kitambaa, mbali na jua. La pili mwanawe analiweka kwenye friji akidhani analitunza. Alhamisi yote mawili ni magumu. Ijumaa lile la kabati limepoteza mng'ao, lina madoa machache meusi kwenye ncha za miiba, na karibu na kikonyo linakubali kidole kidogo. Jumamosi asubuhi linakubali karibu na kikonyo na katikati, lakini ncha ya chini bado inakaza. Jumamosi jioni linakubali kila mahali, kikonyo kikiguswa kinalegea, na harufu tamu yenye uchachu imeanza kusikika. Limefika. Sasa ndipo friji inapofaa: likiingizwa Jumamosi usiku litasubiri Jumapili mchana bila taabu, hata Jumatatu. Ganda litazidi kuwa jeusi kwa baridi, lakini ndani patakuwa peupe.

Lile la pili linatolewa kwenye friji Jumapili asubuhi. Limebaki gumu, ganda limekuwa la kahawia. Wakiliacha nje siku nyingine tatu litalainika mahali mahali, nyama itakuwa na vipande vikavu visivyo na ladha, na sehemu nyingine zitakuwa zimeanza kuoza. Baridi iliua ile kazi ya kuiva kabla haijaanza. Stafeli gumu haliingii friji. Na pera la kijani vivyo hivyo: baridi kali hulitia madoa na kulinyima ubivu. Pera bivu huingia, na hukaa huko siku kadhaa, ila lifunikwe vizuri kwa sababu ya harufu, la sivyo maziwa ya nyumba nzima yatanuka pera.

Anayetaka kuharakisha anaweza kuvumbika. Njia ya wazee ya kufukia matunda ndani ya majani au unga wa mbao ina sababu yake: tunda linaloiva hutoa hewa inayoamsha matunda jirani, na kufunika huizuia isitawanyike. Gazeti au mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu hufanya kazi ile ile kwa pera na kwa stafeli, na huokoa siku moja hivi. Mfuko wa plastiki haufai. Hufungia jasho la tunda ndani, na ukungu huwahi kuliko ubivu. Na kila asubuhi kifurushi kifunguliwe kitazamwe, maana tunda lililovumbikwa likianza halimngoji mtu.

Kulijua stafeli lililofika

Stafeli halilainiki sawasawa kama pera. Kwa hiyo libonyezwe sehemu tatu, kwa upande wa kidole gumba na si kwa ukucha: karibu na kikonyo, katikati, na ncha ya chini. Sehemu zote tatu zikikubali kama parachichi bivu, lipasuliwe. Mbili zikikubali na moja ikakaza, lingojwe nusu siku au siku. Likipasuliwa mapema halirudi nyuma. Kipande kigumu kitabaki kigumu, na kitaharibu ladha ya juisi yote. Katika nchi nyingine, Indonesia ikiwa mojawapo, stafeli bichi hupikwa kama mboga, na huo ndio msaada pekee kwa aliyekwisha kosea.

Muda wa ubivu ni mfupi, siku moja au mbili nje ya friji. Baada ya hapo uchachu wake mzuri hupotea, na harufu huwa kama ya mnazi uliolala. Ndani, nyama ya stafeli zuri ni nyeupe kama pamba iliyolowa, huachana na ganda kwa kijiko, na moyo wa katikati huvutika kwa urahisi. Nyama iliyogeuka kahawia au yenye maji yanayotoka povu itupwe. Doa dogo la kahawia chini ya ganda lililogongwa hukatwa tu, sehemu nyingine ikaliwa.

Mbegu zote zitolewe. Si kwa sababu ya meno peke yake: mbegu za stafeli zina sumu, na hazifai kumezwa wala kusagwa. Anayetengeneza juisi asitie nyama kwenye blenda kabla ya kuondoa mbegu. Aiweke katika chujio pana juu ya bakuli, amimine maji au maziwa kidogo, aikamue kwa mkono safi, mbegu zibaki juu. Stafeli la kilo mbili lina mbegu nyingi, na kazi hiyo huchukua kama robo saa. Ni afadhali robo saa hiyo kuliko juisi chungu iliyosagwa na mbegu, ambayo mtoto ataikataa na mtu mzima hapaswi kuinywa.

Maswali kutoka kwa wakazi

Mchuuzi mmoja aliuliza kuhusu mastafeli yaliyopinda, yenye upande mmoja mnene na mwingine uliobonyea. Wateja humwambia kuwa ni machanga au ni magonjwa. Jibu alilopewa ni kwamba kupinda hutokea wakati ua lilipochavushwa upande mmoja tu: kila kitumba kidogo cha nyama hukua pale mbegu ilipotunga, na upande uliokosa chavua hubaki mwembamba. Tunda kama hilo huiva na huwa tamu kama mengine, ila lina nyama kidogo, kwa hiyo ni haki mnunuzi apunguziwe bei. Cha kutilia maanani ni miiba ya ule upande mnene. Ule uliobonyea miiba yake itakuwa imesongamana siku zote, hata tunda likiwa pevu, na anayepima kwa upande huo ataambiwa uongo na tunda lenyewe.

Mkulima mwingine aliuliza atajuaje weusi wa ubivu na weusi wa ugonjwa, kwani msimu wa mvua alitupa mastafeli mengi na sasa anashuku alitupa mazuri. Aliambiwa ashike tofauti ya mkono. Weusi wa ubivu huja na ulaini: ganda linapata madoa, na chini yake panakubali kidole. Weusi wa ugonjwa, ambao hupendelea mvua, huja na ugumu: sehemu nyeusi hukauka, hukaza kama kigae, mara nyingine tunda likingali dogo juu ya mti. Tunda jeusi lililo laini lifunguliwe litazamwe kabla ya kuhukumiwa. Jeusi lililo gumu likatwe mtini pamoja na kikonyo chake, liondolewe shambani, lisiachwe likining'inia juu ya yale mengine kwa sababu maji ya mvua yakidondoka kutoka kwake huupeleka ugonjwa kwenye matunda ya chini.